Jinsi ya Kutunga na Kusimulia Hadithi ya Sungura na Fisi Inayofundisha Kugawana

Ngano nyingi za Sungura na Fisi huishia Fisi amenasa mtegoni au amekimbizwa na wanakijiji, huku Sungura akiondoka na chakula chote. Watoto hucheka, na wana haki ya kucheka. Lakini mwulize mtoto wa miaka sita amejifunza nini, naye atakujibu kwamba ukiwa mjanja hutanyang'anywa. Hilo ni funzo la ujanja. Kugawana hakumo, kwa sababu mwisho wa yote Sungura amepata kile kile alichokitaka Fisi, yaani chakula chote peke yake.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuitunga ngano fupi ambayo ndani yake kugawana ndiko kunakoondoa tatizo, bila kumpokonya Sungura ujanja wake. Inawafaa watoto wa miaka mitano hadi tisa, na kuisimulia huchukua dakika kumi hivi ukiwaachia watoto nafasi ya kuitikia. Hadithi nzima imo humu. Unaweza kuisimulia kama ilivyo, au ukabadilisha chakula na mahali ukitumia hatua hizi.

Hatua ya kwanza: chagua chakula kinachogawika mbele ya macho

Hapa ndipo hadithi nyingi za kugawana hupotelea, kwa hiyo usiharakishe. Mtoto lazima aone kwa macho yake kwamba fungu hili ni kubwa na lile ni dogo, bila wewe kumwambia. Asali haifai, maana katika chungu haionekani nani amekula kiasi gani. Embe lina kokwa katikati, na ugomvi utahamia kwenye kokwa. Nyama ndicho chakula cha kwanza kumjia kichwani kila anayemtaja Fisi, lakini mtoto aliyewahi kufuga sungura atakuuliza tangu lini sungura anakula nyama, na hapo uzi wa hadithi umekatika.

Mimi hutumia boga. Ni moja, ni kubwa, hukatwa kwa kisu, na lina umbo linaloruhusu haki na dhuluma. Ukilikata kutoka kwenye kikonyo kushuka hadi kitakoni, unapata nusu mbili zinazolingana. Ukiweka kisu kwa upana karibu na kikonyo, unapata boga karibu zima upande mmoja na kifuniko kidogo upande wa pili. Mtoto akionyeshwa mikato hiyo miwili kwa mikono tu, ameelewa kila kitu.

Muwa unafaa pia, na chapati inafaa. Jambo la kuangalia ni watoto wadogo sana: wa miaka minne mara nyingi huamini kwamba kipande kirefu ndicho kikubwa, hata kama ni chembamba. Kwa hao chukua kitu cha mviringo, vipande viwe vya umbo moja.

Hatua ya pili: wape wote wawili haki ya chakula hicho

Ikiwa Sungura alilima na Fisi alilala, hadithi yako ni ya uvivu, na watoto watasema Fisi asipewe kitu. Watakuwa wamesema kweli. Ikiwa Fisi aliiba, ni hadithi ya wizi. Ili swali libaki moja tu, yaani tugaweje, wote wawili wawe wametoa jasho, na mtoto asikie kila mmoja alifanya nini. Sentensi mbili zinatosha. Fisi ana miguu ya mbele yenye nguvu, basi achimbe mashimo. Sungura apande, apalilie, abebe maji.

Hatua ya tatu: tamaa ya Fisi ionekane, isitajwe

Usiseme "Fisi alikuwa mlafi." Ukishalitaja neno hilo mtoto ameshahukumu, na hana tena kazi ya kufanya. Mwonyeshe Fisi akidondosha mate, akishika kisu kabla hajaulizwa, akijibu mdomo umejaa.

Fisi mwenyewe wa porini anakusaidia. Fisi madoa wakila mzoga kwa kundi, kila mmoja humeza haraka awezavyo kabla mwenzake hajafika, na taya zake huvunja mifupa. Miguu yake ya nyuma ni mifupi kuliko ya mbele, ndiyo maana mgongo wake umeteremka. Msimulizi akiinamisha kiuno na kutanguliza shingo, watoto wanamtambua kabla hajatajwa jina.

Hatua ya nne: ujanja wa Sungura uwe kanuni ya kugawana

Hiki ndicho kiini cha mwongozo wote. Katika ngano za hila, Sungura hushinda kwa uongo: anajifanya amekufa, anajifanya mgonjwa, anamtuma mwenzake kwenye hatari. Ujanja wa namna hiyo hauwezi kumfundisha mtoto kugawana, kwa kuwa akiuiga nyumbani atakuwa anawadanganya ndugu zake. Tunahitaji ujanja ambao mtoto akiuiga, chakula kinagawanywa kwa haki.

Upo, nao ni wa zamani na unajulikana pande nyingi za dunia: mmoja akate, mwenzake awe wa kwanza kuchagua. Utazame unavyofanya kazi. Mkataji anajua kwamba akikata fungu kubwa na dogo, kubwa litaondoka na mwenzake. Kwa hiyo tamaa yake ile ile inamlazimisha kukata sawa. Mchaguzi naye hana la kulalamika, kwa sababu alichagua mwenyewe. Hakuna mkubwa wa kusimamia wala anayetegemea huruma ya mwingine. Fisi anaweza kubaki na tamaa yake yote, na bado boga likakatwa katikati.

Kwa sababu hiyo ujanja huu unamfaa Fisi kuliko mahubiri. Hatumwombi awe mwema kwanza.

Hatua ya tano: panga milo mitatu, na usiishie kwenye wa pili

Ngano hupenda tatu. Mlo wa kwanza Fisi anakata na kuchagua mwenyewe, na Sungura anapata kikonyo. Mlo wa pili Fisi anakata kwa mazoea yake, Sungura anachagua, na Fisi anapata kikonyo. Watoto watacheka sana hapa. Msimulizi asiye mwangalifu ataona kicheko hicho akadhani amemaliza. Hajamaliza. Akiishia hapo amesimulia kisasi: jana ulininyima, leo nimekunyima.

Mlo wa tatu ndio wenye kazi. Hapo Sungura anakata, tena anakata sawa, na Fisi anatakiwa kuchagua. Kuna methali ambayo wengi wetu tumekua nayo, "Njia mbili zilimshinda fisi", ya fisi aliyenusa chakula njia panda, akataka kuzifuata njia zote mbili kwa pamoja, akapasuka msamba. Mlo wa tatu unaiazima methali hiyo. Fisi wetu anasimama kati ya nusu mbili zinazolingana, akitafuta kubwa ambayo haipo. Simwui kwenye hadithi hii, kwa sababu aliyekufa hawezi kugawana.

Kisha litokee jambo la kumpa Sungura nafasi ya kuchukua chakula chote bila kulaumiwa na mtu. Bila nafasi hiyo, hatutajua kama Sungura anagawana au anajilinda tu. Akiwa na nafasi ya kula peke yake na akaitoa, hapo ndipo mtoto anaona kugawana kwa mara ya kwanza katika hadithi nzima.

Hatua ya sita: tunga wimbo wa mistari minne

Wimbo ubebe kanuni, ili mtoto akiusahau mkasa abaki na kanuni. Mizani minane kwa kila mstari inakaa vizuri kwenye makofi:

*Gawa boga, ndugu yangu,*
*nusu yako, nusu yangu;*
*ukishika wewe kisu,*
*nachagua mimi fungu.*

Uimbwe mara tatu, lakini mwimbaji abadilike. Mara ya kwanza anaimba Sungura. Mara ya pili anaimba Fisi, akidhani amepata njia ya kumshinda mwenzake. Mara ya tatu wanaimba wote, na watoto pamoja nao. Maneno ni yale yale, ila maana yake imesogea kila mara.

Hadithi yenyewe

Paukwa!

(Pakawa!)

Hapo zamani za kale, katika nchi ya mibuyu, Sungura na Fisi walilima shamba moja. Fisi alichimba mashimo kwa miguu yake ya mbele: kwa! kwa! kwa! Sungura alipanda mbegu, akapalilia, na asubuhi na jioni akabeba maji kwa kibuyu kutoka kisima cha mchangani. Mbegu zikaota. Mashina yakatambaa mpaka kwenye mizizi ya mbuyu. Yakazaa maboga matatu. Matatu tu, lakini kila moja Sungura angeweza kujificha nyuma yake asionekane hata masikio.

Siku ya kwanza walichuma boga moja, wakalifukia kwenye majivu ya moto. Jioni likaiva. Harufu tamu ikaenea. Fisi akaketi karibu na moto, mate yakamdondoka: to, to, to.

Akachukua kisu. Akasema, "Mdogo wangu Sungura, desturi unaijua. Mkubwa hukata, na mkubwa huchagua."

Akaweka kisu juu kabisa, karibu na kikonyo. Kwachu! Boga likabaki chini, kifuniko kikabaki juu. Fisi akalivuta boga. Sungura akapata kifuniko.

"Kaka Fisi," akasema Sungura, "shamba tumelima wote."

"Ndiyo maana na wewe umepata," akajibu Fisi, mdomo umejaa.

Sungura akaguguna kikonyo. Akaenda kulala, lakini hakulala. Usiku kucha masikio yake yalisimama wima, akiwaza.

Siku ya pili walifukia boga la pili. Likaiva. Mate ya Fisi: to, to, to. Kabla hajashika kisu, Sungura akasema, "Kaka Fisi, jana ulifanya kazi mbili peke yako. Kukata ni kazi, na kuchagua ni kazi. Leo tusaidiane. Shika moja, niachie moja."

Fisi akawaza: mwenye kisu ndiye mwenye boga. Akasema, "Lete kisu!"

Sungura akapiga makofi, akaimba:

*Gawa boga, ndugu yangu,*
*nusu yako, nusu yangu;*
*ukishika wewe kisu,*
*nachagua mimi fungu.*

Fisi hakuusikiliza wimbo. Macho yake yalikuwa kwenye boga. Akaweka kisu karibu na kikonyo, palepale pa jana. Kwachu! Alipoinua kichwa, Sungura alikuwa ameshalikumbatia boga.

"Umekata vizuri, kaka. Mimi nimechagua."

Fisi akakitazama kifuniko. "Lakini hiki ni kidogo!"

"Nani amekikata?" akauliza Sungura.

Siku hiyo Fisi aliguguna kikonyo. Na usiku kilio chake kilisikika mpaka ng'ambo ya mto: Uuuuu-wip! Uuuuu-wip!

Siku ya tatu lilibaki boga moja. Fisi aliwahi motoni kabla ya jua kuinama. "Leo sikati!" akasema. "Kisu shika wewe. Nachagua mimi!" Akaimba, tena kwa sauti kubwa:

*Gawa boga, ndugu yangu,*
*nusu yako, nusu yangu;*
*ukishika wewe kisu,*
*nachagua mimi fungu.*

Sungura akalizungusha boga taratibu. Akatazama kikonyo, akatazama kitako. Akashusha kisu katikati. Kwachu! Nusu moja ikalala huku, nusu ya pili ikalala kule, mvuke unapanda.

Fisi akaitazama ya kulia. Ilikuwa kubwa! Akanyoosha mkono. Akaitupia jicho ya kushoto. Hapana, ya kushoto ndiyo kubwa! Akanyoosha mkono wa pili. Akairudia ya kulia. Akairudia ya kushoto. Akatanua miguu, mmoja huku, mmoja kule, asije akaikosa yoyote.

"Kaka, chagua, boga linapoa," akasema Sungura.

"Ngoja! Moja ni kubwa. Lazima moja iwe kubwa!"

Jua likashuka. Kivuli cha mbuyu kikarefuka. Mara kichakani, krru, krru! Ngiri akachomoka, mkia wima, akapita katikati ya miguu ya Fisi, akainyakua nusu ya kushoto, huyo! Vumbi tu.

Ikabaki nusu moja, nayo ilikuwa karibu na miguu ya Sungura.

Fisi alijua sasa itakuwaje. Sungura ana mbio kuliko yeye. Angekuwa yeye, angekuwa ameshaichukua na kukimbia. Akafumba macho, akangoja kusikia miguu ya Sungura ikienda.

Hakusikia kitu. Kisha akahisi kitu kwenye kiganja chake. Akafumbua macho. Kilikuwa kisu.

"Kata, kaka," akasema Sungura. "Nitachagua mimi."

Fisi akaligeuza boga. Akapima kwa kidole upande huu, akapima kwa kidole upande ule. Akaweka kisu. Akakisogeza kidogo. Akakisogeza tena. Hata mate alisahau kuyadondosha. Wakaimba wote wawili, polepole:

*Gawa boga, ndugu yangu,*
*nusu yako, nusu yangu;*
*ukishika wewe kisu,*
*nachagua mimi fungu.*

Kwachu.

Sungura akavitazama vipande viwili. Akainama akavitazama kwa chini. Akashindwa kujua kipi kikubwa. Akachukua kilichokuwa karibu naye.

Wakaketi mgongo kwa mgongo, mmoja akiangalia kichaka cha kulia na mwingine cha kushoto, Ngiri asirudi. Wakala. Walipomaliza, Fisi akakusanya mbegu zote za maboga matatu kutoka majivuni, akazitenga mafungu mawili.

"Chagua," akasema.

Hadithi yangu imeishia hapo.

Hatua ya saba: isimulie, usiisome

Kariri vitu vinne tu: mpangilio wa milo, wimbo, "Ndiyo maana na wewe umepata," na "Nani amekikata?" Mengine yatakuja yenyewe, na hayatafanana kila jioni. Mwanzo tumia ule wa kwenu. Pwani wataitikia "Pakawa", bara wengi wamezoea "Hadithi, hadithi!" na kujibiwa "Hadithi njoo!" Kilicho muhimu ni kwamba watoto wafungue midomo mapema, maana kwenye wimbo utawahitaji.

Sauti za kisu na mate ziwe zile zile kila mlo, kwa sababu ndizo zinazowaambia watoto kwamba jambo linajirudia. Ila kisu cha mwisho kiwe cha chini na cha polepole. Ukikipiga kwa kelele kama cha kwanza, watoto watangoja kicheko kingine, na hawatamwona Fisi akipima kwa kidole.

Mahali pagumu pa msimulizi ni pale kati ya mlo wa pili na wa tatu. Kicheko kimepanda, mtoto mmoja anaiga kilio cha Fisi, mwingine anamjibu. Usishindane nao. Waache walie kama fisi mpaka wachoke, kisha anza "Siku ya tatu lilibaki boga moja" kwa sauti ya chini kiasi kwamba wa nyuma watawanyamazisha wenzao ili wasikie. Utajua umewarudisha pale watakapoanza kukuonyesha kwa vidole nusu ya kulia na ya kushoto pamoja na Fisi.

Kuna swali moja la kuuliza katikati ya hadithi, na ni moja tu. Sungura anapomwambia Fisi "Shika moja, niachie moja," simama. Waulize: "Ungekuwa Fisi, ungeshika kisu au ungechagua?" Wadogo karibu wote watataka kisu. Wa miaka minane na kuendelea, wengine watanyamaza kwanza, kisha mmoja atasema, "Ningechagua," na utaona anatabasamu. Usimwulize sababu. Endelea na hadithi, iwajibu yenyewe.

Baada ya hadithi atakuwepo mtoto atakayesema Sungura ni mjinga, angekula ile nusu akakimbia. Ni pingamizi zuri na lisizimwe. Mwulize tu nani atachimba mashimo msimu ujao. Shambani mchimbaji alikuwa Fisi, na mtoto aliyesikiliza mwanzo wa hadithi analijua hilo. Akisema Sungura atatafuta mwingine wa kuchimba, mkubalie kwamba inawezekana, kisha uwaulize wenzake wanaonaje. Mabishano yao yana faida kuliko jibu lako.

Jambo moja naliona ni hatari: kumwita mtoto fulani Fisi. Ukisimulia hadithi hii siku ambayo mtoto mmoja amewanyima wenzake andazi, kila mtu atageuka kumtazama, na jina litamganda. Isimulie siku ya amani.

Hatua ya nane: wape watoto kitu cha kukata

Kanuni haikai kichwani mpaka mkono uijaribu. Chukua chapati au andazi moja kwa kila watoto wawili, na kisu kisicho makali au waache wamegue kwa mkono. Mmoja agawe, mwenzake achague. Usiseme neno. Mara ya kwanza wapo watakaokata kama Fisi, na watalalamika wakiona kipande kikubwa kimeondoka. Waache walalamike kwa mwenzao. Mara ya pili, wakibadilishana zamu, angalia vidole: anayegawa ataanza kupima, atakunja chapati kwanza apate mstari, ataunganisha vipande juu kwa juu kuona kama vinalingana. Hapo kanuni imeingia.

Watoto wakiwa watatu, mkataji akate vipande vitatu na awe wa mwisho kuchukua. Mpango huo unafaa kwa vitafunio vya kila siku, lakini una upungufu wake: mkataji na mchaguzi wa kwanza wakipatana pembeni, wa katikati anaweza kupunjwa. Dawa yake ni kwamba mchaguzi wa kwanza apatikane kwa kura baada ya vipande kukatwa, si kabla. Na vitu visivyokatika, kama mpira au baiskeli, kanuni hii haiviwezi. Kwa vitu hivyo utahitaji zamu, na hadithi nyingine.